38 yako na 92 ya rafiki yako: namna ya kujijengea msingi wa HRV

Rafiki yangu alininyooshea mkono nione HRV kwenye saa yake, yaani kipimo cha jinsi muda kati ya mapigo ya moyo unavyopishana: 92. Yangu ilikuwa inasoma 38. Tuna umri unaokaribiana, tunakimbia pamoja, na mara nyingi mimi ndiye ninayemsubiri kileleni mwa mlima. "Ndugu yangu, moyo wako umechoka," akaniambia, nusu mzaha. Nililala vibaya usiku ule, na asubuhi namba ikashuka hadi 31.

Siku hizi zile namba mbili hazinisumbui, kwa sababu nimekaa na kuzifumua moja moja nikaona zinatoka wapi. Nitaanza hapo, kisha nieleze hatua za kujipatia msingi wako mwenyewe, yaani kiwango ambacho kila asubuhi unakilinganisha na siku zako na si na siku za mtu mwingine.

Namba yenyewe inapima nini

Moyo wenye mapigo 60 kwa dakika haudundi kila baada ya sekunde moja kamili kama saa ya ukutani. Pigo moja linaweza kuja baada ya milisekunde 960, linalofuata baada ya 1040, kisha 985. Ukivuta pumzi moyo unaharakisha kidogo, ukiitoa unapunguza mwendo. Kupishana huku kunatokana kwa sehemu kubwa na neva ya vagasi, inayoteremka kutoka kwenye ubongo na kuufunga moyo breki kidogo kidogo. Ukiwa umepumzika, breki hiyo inakazwa na kuachiwa kwa kila pumzi, na mapigo yanapishana sana. Ukiwa na homa, pombe mwilini, usingizi mchache au mazoezi mazito ya jana, breki inalegea na mapigo yanakaribia kulingana.

HRV unayoiona kwenye kioo ni muhtasari wa kupishana huko, umebanwa kuwa namba moja. Tatizo la kulinganisha linaanzia kwenye namna ya kuubana.

Moyo mmoja, namba mbili

Kuna fomula mbili zinazotumika zaidi. SDNN inauliza: vipindi vyote kati ya pigo na pigo vimetawanyika kiasi gani kutoka kwenye wastani wao? RMSSD inauliza jambo jingine: kila kipindi kimepishana kiasi gani na kile kilichokitangulia? Maswali yanafanana kwa masikio, lakini tazama mfano huu mdogo wa vipindi sita, kwa milisekunde:

```
A: 960 1040 960 1040 960 1040
B: 960 960 960 1040 1040 1040
```

Ni vipindi vilevile, vimepangwa tofauti. Wastani ni 1000 kote, na kila kipindi kiko umbali wa 40 kutoka kwenye wastani, kwa hiyo mtawanyiko wa A na B ni sawa kabisa. Sasa angalia hatua kutoka kipindi hadi kipindi. Katika A kila hatua ni 80, na RMSSD ni 80. Katika B kuna hatua moja tu ya 80, zilizobaki ni sifuri. Ukiziinua hatua zote mraba, ukachukua wastani, kisha kipeuo cha pili, unapata kama 36. Fomula moja inasema hawa wawili wako sawa, nyingine inasema mmoja amemzidi mwenzake zaidi ya mara mbili.

Hii si hesabu ya darasani tu. Apple Watch inahifadhi HRV kwa SDNN, tena kutokana na vipimo vifupi inavyochukua nyakati mbalimbali za siku. Garmin na Oura wanatumia RMSSD, iliyokusanywa usiku ukiwa umelala. Programu nyingine za simu zinachukua logi ya RMSSD na kuinyoosha iwe alama kati ya 0 na 100, bila hata kuandika milisekunde. Watu wawili wakikaa meza moja na vifaa viwili tofauti, kabla hatujagusa miili yao, tayari wanalinganisha kilo na lita.

"Sawa, lakini sisi tuna saa za aina moja." Haitoshi. SDNN hukua kadiri muda wa kupima unavyorefuka, kwa sababu moyo una mawimbi ya polepole ambayo dakika moja haiyaoni. Ndiyo maana tangu mwongozo wa kimataifa wa madaktari wa moyo wa 1996, kipimo kifupi kimewekewa dakika 5, na kimetengwa kabisa na kile cha saa 24. Kisha kuna mkao: aliyelala chali na aliyesimama hawawezi kutoa namba moja, hata kama ni mtu yuleyule baada ya dakika mbili. Na kuna pumzi. Ukipumua polepole sana, mara sita hivi kwa dakika, unaweza kuipandisha namba yako papo hapo bila mwili kuwa umepona chochote.

Hata mkilinganisha vyote hivyo, inabaki miili. HRV hushuka kadiri umri unavyosonga. Sehemu yake inarithiwa. Dawa za moyo za kundi la beta-bloka huibadilisha, na dawa nyingine nyingi pia. Mwenye mapigo 48 kwa dakika ana nafasi ndefu kati ya pigo na pigo kuliko mwenye mapigo 66, na nafasi ndefu inaruhusu kupishana zaidi kwa milisekunde. Rafiki yangu ana mapigo 49 akipumzika, mimi 58. Sehemu ya zile 92 zake ilikuwa hapo hapo, wala haisemi nani kati yetu kaamka na nguvu.

Jambo la mwisho, na ndilo linalowadanganya wengi: namba kubwa inaweza kuwa kosa. Tuseme kwa dakika moja una mapigo 60 yaliyotulia na RMSSD ya 40. Pigo moja likawahi, jambo linalotokea hata kwa watu wazima wenye afya: kipindi kimoja kinakuwa 600, kinachofuata 1400 cha kufidia. Usipoliondoa pigo hilo kwenye hesabu, RMSSD inaruka hadi kama 133. Pigo moja tu. Kihisi cha mkononi kikisogea unapojigeuza, kinazua mapigo ya uongo yenye athari ileile. Na mwenye ugonjwa wa moyo unaodunda bila mpangilio anaweza kuonyesha HRV kubwa kuliko wanariadha wote unaowajua. Kwake namba hii haina maana, na mwongozo huu haumhusu.

Hatua ya 1: Funga uchaguzi wako

Chagua kifaa kimoja, fomula moja, wakati mmoja wa siku, mkao mmoja. Ukishachagua, usibadilishe kwa miezi. Mimi napendekeza RMSSD, kwa kuwa inafuata breki ya vagasi kwa karibu, haisumbuliwi sana na urefu wa kipimo, na vifaa vingi vinaitoa. Ukiwa na kifaa kinachoonyesha SDNN peke yake, kitumie hichohicho. Msingi wako utakuwa wa SDNN na hesabu zote zinazofuata zitabaki zilezile.

Njia ni mbili. Ya kwanza ni kuachia saa au pete ipime usiku kucha, nawe uchukue wastani wa usiku. Ni rahisi, huhitaji kukumbuka, ila inabeba ndani yake chakula cha usiku na saa uliyolala. Ya pili ni kipimo cha asubuhi kwa mkanda wa kifuani au kamera ya simu. Hii inahitaji nidhamu, lakini unajua hasa ulichopima.

Ukichagua asubuhi, utaratibu ni huu: amka, nenda chooni, rudi ukae kitandani umeegemea, miguu imetulia. Usinywe kitu chenye kafeini, usifungue ujumbe wowote wa simu. Subiri dakika moja ili moyo utulie baada ya kutembea. Kisha pima dakika 2 ukipumua kama kawaida, bila kuhesabu pumzi, bila kuzungumza, bila kumeza mate mara kwa mara. Kama mapigo yako ya kupumzika ni ya chini sana, tuseme chini ya 50, hakikisha umekaa hivyo, usilale chali. Kwa watu waliozoea mazoezi ya muda mrefu, breki ikikazwa kupita kiasi wanapolala chali, kupishana kunaweza kupungua badala ya kuongezeka, na namba ikawadanganya kwamba wamechoka.

Hatua ya 2: Andika wiki nne bila kuchambua

Siku 28 zinatosha kwa mwanzo. Saa za Garmin zenyewe husubiri karibu wiki tatu kabla ya kukuonyesha kiwango chako. Mwanamke anayepata hedhi asichukue pungufu ya mzunguko mmoja mzima, na miwili ni bora, kwa kuwa HRV huelekea kuwa juu kidogo katika nusu ya kwanza na kushuka katika nusu ya pili. Msingi uliojengwa kwa nusu ya kwanza pekee utamwambia anaumwa kila mwezi.

Kila siku andika vitu vitatu: HRV, mapigo ya kupumzika, na neno moja au mawili kuhusu jana. "Nilichelewa kulala." "Mbio ndefu." "Kawaida." Usiandike insha, hutaendelea nayo.

Kuna kishawishi cha kufuta siku mbaya ili msingi uonekane mzuri. Usifanye hivyo. Siku ya usingizi mchache ni sehemu ya maisha yako ya kawaida, na msingi usioijua utapiga kengele kila ukichelewa kulala. Futa mbili tu: kipimo chenye kasoro ya wazi (programu imeonya kuhusu ubora, au namba imeruka hadi mara mbili au tatu ya kawaida yako bila sababu wakati mapigo ya kupumzika yako palepale), na siku za ugonjwa halisi. Ukiugua katikati ya wiki hizo nne, simama, pona, halafu endelea pale ulipoachia.

Hatua ya 3: Hesabu

Fungua lahajedwali. Safu A iwe tarehe, B iwe RMSSD, C iwe logi yake. Tunachukua logi kwa sababu HRV haitawanyiki sawasawa juu na chini: siku nzuri huruka mbali, siku mbaya hujibana karibu. Pia kushuka kwa 10 kwa mtu wa 38 ni tukio, kwa mtu wa 92 ni jambo la kawaida. Logi inageuza tofauti kuwa uwiano, na uwiano ndio tunaoutaka.

```
C2:  =LN(B2)
F1:  =AVERAGE(C2:C29)
F2:  =STDEV(C2:C29)
```

F1 ni kitovu chako. F2 ni kiasi ambacho siku zako za kawaida hupishana na kitovu hicho. Siku uliyokosa kupima, acha B na C zote mbili wazi. Usijaze kwa kukisia.

Sasa tengeneza kanda mbili. Ya kwanza ni pana, kwa ajili ya siku moja moja. Ya pili ni nyembamba, kwa ajili ya wastani wa siku 7, maana wastani hautikisiki ovyo kama siku moja.

```
Siku, chini:  =EXP(F1-F2)
Siku, juu:    =EXP(F1+F2)
Wiki, chini:  =EXP(F1-0.5*F2)
Wiki, juu:    =EXP(F1+0.5*F2)
```

Wangu ulitoka hivi: F1 ni 3.61, F2 ni 0.16. Ukizirudisha kwenye milisekunde, kitovu ni 37, kanda ya siku ni 32 hadi 43, na kanda ya wiki ni 34 hadi 40. Rafiki yangu nilimfanyia hesabu hiyohiyo kwa namba za saa yake: F1 4.52, F2 0.20. Kanda yake ya siku ni 75 hadi 112.

Hapo ndipo aliponyamaza. Asubuhi anayosoma 70, namba inayokaribia mara mbili ya kitovu changu, yeye yuko chini ya kanda yake. Asubuhi hiyohiyo mimi nikisoma 42, niko sehemu ya juu ya kanda yangu. Kwa kutazama 70 na 42 pekee, kila mtu angemtuma yeye akakimbie na mimi nikalale.

Ile nusu kwenye kanda ya wiki si sheria iliyoshuka kutoka mbinguni. Ni desturi iliyotoka kwa watafiti wa michezo, na inafanya kazi kwa wengi. Kengele zikikulilia bure kila wiki, panua hadi 0.75. Usipanue mwezi wa kwanza, lakini; kwanza ujue zinalia kwa nini.

Hatua ya 4: Soma wastani wa wiki, si siku

Katika safu D, kuanzia siku ya saba, weka wastani unaosogea:

```
D8:  =EXP(AVERAGE(C2:C8))
```

Ivute fomula hiyo chini hadi mwisho. Kila siku inapoingia mpya, ya zamani zaidi inatoka. Wastani wa siku chache kuliko nne ndani ya saba usiuamini.

Nikuonyeshe kwa wiki zangu mbili, ya tano na ya sita tangu nianze kuandika. Wiki ya tano ilisomeka 36, 41, 33, 44, 38, 29, 40. Ile 29 iko chini ya kanda yangu ya siku. Zamani ningeahirisha mazoezi na kushinda nikijihisi mgonjwa. Nilitazama neno la siku ile: "nilikesha." Mapigo ya kupumzika yalikuwa 59, karibu na kawaida yangu ya 58. Kesho yake namba ikarudi 40, na wastani wa wiki ukasimama 37, katikati kabisa ya kanda. Siku moja iliyoanguka, yenye sababu inayojulikana, na iliyorudi yenyewe. Nilipunguza kasi siku ile na mambo yakaishia hapo.

Wiki ya sita ilianza 37, 39, 35. Siku ya nne, 27. Wastani unaosogea ukashuka hadi 34.7, bado ndani ya kanda kwa upenyo mdogo. Daftari langu la jana yake lilisema "kawaida": sikuchelewa kulala, sikukimbia mbio nzito. Mapigo ya kupumzika yalikuwa yamepanda hadi 62. Siku ya tano, 24, na wastani ukaanguka hadi 32.5, nje ya kanda ya wiki. Mapigo 64. Jioni yake koo likaanza kuwasha.

Sikuandika mfano huu kuonyesha kwamba saa inatabiri magonjwa. Ningeweza kuwa na msongo wa kazi au joto la usiku, na grafu ingefanana. Angalia kilichotenganisha wiki mbili hizi: kushuka kwa siku mbili mfululizo, wastani kutoka nje ya kanda, mapigo ya kupumzika kupanda kwa wakati mmoja, na kukosekana kwa sababu kwenye daftari. Vinne vikikutana, punguza mazoezi na ulale mapema bila kusubiri jina la kinachokusumbua. Kikitokea kimoja tu, endelea na siku yako.

Na upande wa juu? Watu wengi wakiona namba iko juu ya kanda wanafurahi. Mimi kwanza naangalia ubora wa kipimo, kwa ile sababu ya pigo lililowahi. Kama kipimo ni safi na mapigo ya kupumzika yako kawaida au chini kidogo, basi ni siku nzuri. Lakini kama imeruka juu sana katikati ya wiki za mazoezi mazito na miguu ni mizito kama magogo, siihesabu kuwa ruhusa ya kuongeza mzigo. Mwili uliochoka huweza kukaza breki kupita kiasi, nao huonekana "umepumzika" kwenye grafu.

Kizunguzungu, kuzirai, maumivu ya kifua au moyo unaorukaruka ni habari ya kupeleka kwa daktari hata kama HRV yako imekaa katikati ya kanda. Namba hii haikutengenezwa kuyajibu hayo.

Hatua ya 5: Sogeza msingi, ila polepole

Msingi wa siku 28 za kwanza utazeeka. Ukishafikisha siku 60, badilisha F1 na F2 zisome siku 60 za mwisho, kisha uzisogeze mara moja kwa mwezi. Ukizisogeza kila siku, uchovu unaojengeka taratibu kwa wiki tatu utaingia ndani ya msingi wenyewe, kanda itashuka pamoja nawe, na hutaona kitu.

Kuna nyakati za kuanza upya kabisa: ukibadilisha kifaa, ukihama kutoka kipimo cha usiku kwenda cha asubuhi, ukianza au kuacha dawa inayogusa moyo, au ukipata ujauzito. Kwenye kubadilisha kifaa, kama unaweza, vaa vyote viwili kwa wiki mbili. Mimi nilifanya hivyo nilipotoka saa ya mkononi kwenda mkanda wa kifuani: siku zilezile, mwili uleule, na kitovu kikahama kutoka 37 hadi 44. Rafiki yangu akaniuliza nimekula nini.